Sifuri Nukta Sifuri Mbili

Useni Lukamba alikuwa mtu wa kuchosha, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa wachache waliompenda. Ukimsalimu asubuhi, kabla hajakujibu anatazama saa, anaandika kitu kwenye daftari lake la bluu, ndipo anakuambia kwamba ameamka vizuri. Nilifanya naye kazi miaka sita katika chama chetu kidogo pale Katoyi mjini Goma, vyumba viwili na choo, na kwa miaka hiyo sita nilimcheka karibu kila siku. Jina langu ni Adalbert. Kwetu ni Butembo, watu wa haraka, watu wa kupakia gari na kuondoka. Yeye alikuwa mswahili wa Goma, baba yake alitoka Kasongo, na hakuwahi kuharakishwa na mtu yeyote.

Kazi yetu ilikuwa kupima mazuku. Kama hujaishi kwetu, mazuku ni mabonde madogo na mashimo ya lava ambamo hewa mbaya hutoka ardhini na kutulia. Hewa hiyo ni kaboni dayoksaidi, gesi ile ile inayotoka kinywani mwako ukipumua, ila hapa mlima wetu wa volkano unaitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini kama maji ndani ya karai. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto anayemfuata nyuma akaanguka. Alfajiri kabla jua halijatoka, upepo ukiwa umelala, ndipo inapokuwa mbaya zaidi. Tulikuwa tunakwenda saa hizo na detekta zetu tatu, tunaziteremsha kwa kamba hadi chini, tunasoma namba, kisha tunasimika bendera. Nyekundu, mtu asilale hapa. Nyeupe, panalalika.

Useni ndiye aliyekuwa mtunzaji wa detekta. Zamani alikuwa dereva wa lori, na nadhani aliziangalia zile mashine kama dereva anavyoangalia breki.

Mlima ulipolipuka Mei 2021, mji mzima ulikimbia. Mke wake Kadidja na binti yao Jamila walipanda boti kwenda Bukavu kwa ndugu. Useni alibaki kwa sababu wiki zile nyufa zilikuwa zinatoa hewa mpaka ndani ya nyumba za watu, na hapakuwa na mwingine wa kuziandaa mashine. Alisema atawafuata baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi. Kisha waasi wakarudi, barabara ya Sake ikafungwa, Jamila akaolewa kulekule, na Kadidja akazoea Bukavu. Hawakugombana. Walipigiana simu kila Ijumaa baada ya sala, na kwa kuwa ofisi yetu ilikuwa ndogo nilizisikia zile simu zote.

"Uko muzima?"

"Niko muzima. Nanyi?"

"Tuko bazima."

Basi. Halafu anaiweka simu mezani, juu ya daftari, na kukaa akiitazama. Nyumba yake ya Murara ilikuwa na vyumba vitatu na yeye alilala katika kimoja. Jioni alikuwa anabaki ofisini akifuta mashine ambazo amekwisha kuzifuta, mpaka mlinzi aanze kutikisa funguo. Mimi nilikuwa nikipita mlangoni na kumwambia, "Papa Useni, hizo mashine zitachubuka," kisha naenda zangu. Leo najiuliza kwa nini sikukaa hata siku moja.

Sasa nieleze ugomvi wetu, maana kila kitu kilitoka humo.

Kila asubuhi kabla ya kwenda uwanjani, detekta hupewa jaribio ambalo mafundi wote huliita bump. Unaivalisha kofia ndogo ya plastiki, unafungua chupa ya gesi, gesi inapita juu ya sensa kwa muda mfupi. Mashine ikilia na kuwaka taa, imefaulu. Haichukui dakika moja. Kwa maoni yangu hiyo ilitosha kabisa.

Useni hakukubali. Kwake kulikuwa na kazi nyingine, kalibrasheni, na hiyo alitaka ifanywe kila mwezi hata mvua inyeshe mawe. Kwanza unaipa mashine naitrojeni tupu, isiyo na kaboni dayoksaidi hata chembe, na kuifundisha kwamba hiyo ndiyo sifuri. Kisha unaipa gesi ya chupa ambayo kiasi chake kimeandikwa na kiwanda, unangoja namba itulie, na kwa kuwa mashine zetu zilikuwa za zamani, unabonyeza kitufe cha juu au cha chini mpaka namba kwenye kioo ilingane na namba iliyo kwenye chupa. Chupa yetu ilikuwa ya asilimia mbili na nusu. Mwaka baada ya mwaka ilikuwa ni hiyo hiyo, deux virgule cinq, niliijua kama namba ya simu ya mama yangu.

"Imelia, Papa Useni. Twende," nilikuwa namwambia.

"Imelia, ndiyo. Kulia kunaonyesha iko nzima. Hakuonyeshe kama inasema kweli."

"Mutu anayelia anasema kweli."

"Wewe huna mutoto," alinijibu siku moja, na Mama Émérance, mratibu wetu, alicheka mpaka akashika ukuta.

Januari 2024 chupa yetu ilipita tarehe yake ya mwisho. Gesi ilikuwa bado imo, nikaitikisa mbele yake kumwonyesha. Useni akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya chupa: HAPANA KALIBRASHENI. Alituruhusu kuitumia kwa bump tu, shingo upande, na kila asubuhi aliandika kwenye daftari kwamba chupa imepita tarehe. Mashine zilikuwa zinasoma mbili nukta tatu, mbili nukta nne. Nikamwambia turekebishe basi ziwe mbili na nusu, tumalize.

"Nani anadanganya hapo?" aliniuliza. "Mashine imechoka, ao gesi imepungua nguvu? Kiwanda kiliweka sahihi mpaka Januari. Kutoka Januari hakuna mutu anayejua. Ukirekebisha mashine kwa chupa usiyoijua, umeharibu vyote viwili."

Basi akapunguza kiwango chetu. Zamani tulisimika bendera nyekundu kuanzia asilimia moja na nusu. Yeye akasema mpaka chupa mpya ifike, nyekundu ianze kwenye moja. Wakati huo watu waliokimbia vita walikuwa wanaingia Goma kwa maelfu, wakijenga vibanda vya turubai juu ya lava upande wa Lac Vert, na kila bendera nyekundu ilikuwa familia isiyo na mahali. Watu wa kambi walinuna. Mimi nilinuna pamoja nao. Miezi mitatu mizima hatukuzungumza jambo jingine ila tarehe. Tarehe ya chupa, tarehe ya lori, tarehe ambayo forodha itaiachia chupa mpya pale mpakani. Mpaka usingizini nilikuwa nasikia sauti ya Useni ikisema tarehe.

Aprili Jamila alijifungua mtoto wa kike. Kadidja akampigia siku isiyo Ijumaa, na hiyo peke yake ilimshtua. Kawaida ya mambo ni kwamba siku ya saba kuna akika, mbuzi anachinjwa, mtoto ananyolewa na kupewa jina, na safari hii babu alitakiwa kuwapo. Niliyasikia maneno ya mkewe kwenye ile simu yake ya sauti kubwa.

"Useni, uje uone mujukuu. Na ukikuja, tuzungumuze. Chumba iko. Mimi nimechoka na simu."

Alifunga daftari lake la bluu. Halafu akasema atakuja, na kwamba watazungumza. Nilimwona uso. Alikuwa mtu aliyeambiwa kitu ambacho alikuwa amekata tamaa ya kuambiwa.

Akaomba siku sita. Miaka mitatu hakuwa ameomba hata moja. Asubuhi ya safari alipita ofisini na mkoba mdogo na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani, akanikabidhi daftari la bluu kwa mikono miwili.

"Chupa ikifika, unaweza kuningoja?"

"Papa, nilisomea kazi hii na wewe. Nenda ukale mbuzi."

"Basi soma chupa vizuri mbele ya kuigusa."

"Nitasoma."

Chupa ilifika kesho yake saa nne. Naikumbuka vizuri, ya kijivu, safi, lebo yake haijachanika. Niliigeuza kutafuta kitu kimoja tu ambacho miezi mitatu tulikuwa tunakililia, nikakipata: tarehe ya mwisho, Aprili 2027. Nilifurahi kama mtu aliyepata pasipoti. Nikaandika tarehe kwenye daftari. Nikaandika namba ya toleo la kiwanda. Na kwenye safu ya kiasi cha gesi nikaandika 2.5, kwa sababu ndivyo safu ile ilivyokuwa imeandikwa mistari yote ya juu yake.

Lebo ilisema asilimia tano. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko tarehe. Macho yangu yalipita juu yake na hayakuiona.

Nikazipa mashine naitrojeni, zikakaa sifuri. Nikafungua chupa mpya. Namba ikapanda, ikapita tatu, ikapita nne, ikatulia kwenye nne nukta saba. Nikajisemea, mashine zimepotea sana kwa kukaa bila kalibrasheni, muzee alikuwa na haki. Nikabonyeza kitufe cha chini, nikabonyeza, nikabonyeza, mpaka ikasoma mbili na nusu. Zote tatu. Kisha nikazifanyia bump, na zikalia vizuri na kuonyesha mbili na nusu, namba yangu ninayoijua. Nilijiona fundi.

Kwa lugha nyepesi, nilikuwa nimezifundisha kusema nusu ya ukweli. Na bump haikuweza kunifichua, kwa sababu ving'ora vilikuwa vimewekwa kwenye nusu asilimia na moja na nusu. Hata nusu ya tano inatosha kuviamsha.

Siku hiyo hiyo Mama Émérance alipigiwa simu kutoka kambini. Familia mpya zimefika kutoka upande wa Masisi, mvua inawanyeshea, je, kuna mahali? Alinitazama. Nikasema mashine zimekalibriwa leo, na kwa kuwa sasa ni sahihi, tunaweza kurudi kwenye kiwango cha zamani, moja na nusu. Nilisema hayo kwa sauti ya mtu mwenye daftari. Yeye hakuwa na sababu ya kutonisadiki.

Alfajiri iliyofuata nilipima kibonde kimoja nyuma ya kambi ambacho Useni alikuwa amekikataa. Kilikuwa kizuri kwa macho, kimejikinga na upepo, chini kuna udongo laini badala ya mawe makali. Mashine ilisoma moja nukta tatu. Nikang'oa bendera nyekundu nikasimika nyeupe. Vibanda kumi na kimoja vilijengwa humo kabla ya saa sita.

Aliyewakilisha vile vibanda alikuwa mama mmoja jina lake Dancille, mrefu, mkimya, amebeba mtoto mgongoni na kuku watatu ndani ya kikapu. Alinishukuru. Siku ya tatu tangu wajenge, nilipopita kusalimia, alinifuata pembeni.

"Papa, batoto banaamuka kichwa kinabauma. Na kuku mbili zimekufa, bila ugonjwa."

"Ni baridi ya usiku, mama. Na moshi wa kuni."

"Hatuwashe moto usiku."

Nikamwonyesha kioo cha mashine. Nilikuwa nimesimama, mashine iko kifuani, mchana wa jua na upepo, inasoma karibu na sifuri. "Unaona? Mashine haidanganye."

Alitazama ile namba, akanitazama mimi, akaitikia kwa kichwa kama wanavyoitikia watu waliokwisha kuhamishwa mara tano. Sijajisamehe neno lile. Mwanamke alikuwa amenipa dalili mbili, vichwa na kuku, na kuku ndio wanaoishi karibu zaidi na ardhi. Mimi nikamjibu kwa kioo.

Siku ya sita ya safari yake, alasiri, Useni alishuka bandarini Kituku na boti ya kutoka Bukavu. Mtu mwingine angekwenda nyumbani kuweka mkoba. Lakini nyumbani kuna nini? Alikuja moja kwa moja ofisini, amebeba mfuko wa nyama ya akika aliyofungiwa na Kadidja, na alikuwa anacheka. Simaanishi anatabasamu. Alikuwa anacheka, peke yake, mlangoni.

"Mutoto anaitwa Alima, jina la mama yangu," alisema. "Na mimi nitaenda, Adalbert. Mwisho wa mwezi wa sita. Nilimwambia Kadidja ndiyo. Wewe utashika mashine."

Nikampa mkono. Nilifurahi kweli, na nilijivuna pia. Akiwa bado anaongea habari za mbuzi na za nywele za mtoto, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rafu, ukachukua detekta, ukaiwasha. Hiyo ilikuwa desturi yake, kama mwingine anavyochukua sigara. Akatoka nayo uani, penye upepo wa ziwa, akangoja itulie. Akakiinamia kioo chake.

"Zéro virgule zéro deux," alisema.

"Si vizuri? Ni karibu na sifuri."

"Hewa ya uwanja haiko sifuri. Hewa ya uwanja iko zéro virgule zéro quatre. Hapa, Bukavu, kwenu Butembo, kila mahali. Hewa yenyewe iko nayo kidogo. Siku zote mashine hizi zinasoma quatre, nne."

"Labda sensa imechoka."

Aliingia, akachukua ya pili, akatoka nayo. Sifuri nukta sifuri mbili. Akachukua ya tatu. Sifuri nukta sifuri mbili. Akaziweka zote tatu kwenye ukuta wa matofali, zimepangana, akazitazama.

"Moja ikikosea, ni mashine," alisema polepole. "Tatu zikikosea sawasawa, ni mutu."

Akaniomba chupa. Nilimletea nikijua tayari. Hakuisoma kwa sauti. Aligeuza lebo upande wangu, akaweka kidole chini ya namba tano, akaniacha nisome mwenyewe. Kisha akafungua daftari, akaona 2.5 yangu, mwandiko mzuri kabisa.

"Ulipima wapi na hizi?"

Nikamwambia kibonde. Nikamwambia moja nukta tatu.

"Basi ni mbili nukta sita," alisema. "Kwa siku yenye upepo?"

"Upepo kidogo."

"Leo hakuna."

Nilitazama nje. Mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye seng'enge ilikuwa inaning'inia bila kutikisika. Ilikuwa saa kumi na nusu. Nilikimbilia ufunguo wa pikipiki, naye akanishika mkono, kwa nguvu, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Hapana. Kwanza mashine. Ukienda na mashine ya uongo, watakuuliza namba, utasema nini?"

Akakaa chini na shati lake jipya. Naitrojeni, sifuri. Chupa, ngoja. Namba ikatulia. Akabonyeza kitufe cha juu mpaka ikasema tano, akarudia ya pili, akaiacha ya tatu, mbili zingetutosha. Akazitoa uani: sifuri nukta sifuri nne, zote mbili. Aliandika kwenye daftari, tarehe, toleo, tano, muda wa chupa, saa. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake, nataka kumpokonya ile kalamu. Ilichukua dakika kumi na mbili. Nilizihesabu zote.

Kambini watu walikuwa wanapika. Dancille alitupokea juu ya ukingo wa kibonde na mtoto wake mgongoni. Nilianza kusema kwamba kuna mabadiliko madogo, kwamba kwa usalama zaidi tungependa. Useni alinikatiza kwa upole.

"Sema kweli, Adalbert. Banahama mara ngapi kwa maneno madogo?"

Basi nikasema. Mbele ya akina mama na wazee na watoto waliokwisha kujikusanya, nilisema kwamba mimi ndiye niliyesoma chupa vibaya, kwamba mashine ilikuwa inaonyesha nusu, kwamba Mama Dancille aliniambia habari za kuku na sikumsikiliza. Mzee mmoja aliniambia neno baya kwa Kihunde, na nililielewa, na nililistahili.

"Mulituambia hapa ni muzuri," Dancille alisema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Twende wapi tena?"

Useni hakutoa hotuba. Alimpa yeye kamba ashike. Akamwonyesha namna ya kuteremsha mashine ndani ya kibonde, polepole, hadi kwenye mkeka wake wa kulalia. Ilianza kulia kabla haijafika chini. Jua lilikuwa bado linaonekana na ilikwisha kusoma tatu nukta moja.

Aliivuta ile kamba mwenyewe, akasoma, akageuka, akaanza kung'oa turubai lake. Wengine wakamfuata. Tulibeba mpaka giza lilipoingia, mimi, Useni, na wanaume wa kambi, vibanda kumi na kimoja juu ya lava tupu, mawe makali, mvua inatishia. Hakuna aliyenishukuru. Tulihesabu watoto mara mbili. Kuku wa tatu alikuwa amekimbilia ndani ya kibonde na hakukamatika, na Dancille akasema basi, mwacheni.

Alfajiri nilirudi na Useni. Upepo haukuwa umeamka. Aliteremsha detekta, ikalia, ikapanda, ikafika kumi, mwisho wa uwezo wake, ikabaki hapo ikiwaka. Kuku alikuwa amelala ubavu pale ulipokuwa mkeka, manyoya yake hayajatibuka. Useni alisimika bendera nyekundu. Mimi niliketi juu ya jiwe nikalia, na yeye alingoja mpaka nilipomaliza, akaniambia twende, tuna vituo vingine saba.

Ijumaa ile, baada ya sala, simu ililia. Nilijifanya kupanga karatasi.

"Uko muzima?"

"Niko muzima." Akalisogeza daftari pembeni: "Kadidja, mwezi wa sita haitawezekana. Bado kuna kazi hapa."

Sikusikia alichojibu mkewe, maana safari hii Useni alikuwa ameiweka simu karibu kabisa na sikio. Hakuwahi kuniambia kwamba ni kwa sababu yangu. Hakuwahi kunitazama kwa jicho hilo. Kila mwezi aliniita nifanye kalibrasheni, yeye akiwa amekaa pembeni, na mara ya kwanza nilisoma lebo kwa sauti kama mtoto wa shule, herufi kwa herufi, naye akaitikia kila neno. Ningemwambia, Papa, nenda, sasa nimejua. Nilingoja siku nzuri ya kumwambia hivyo. Mwezi wa sita ukapita, na wa kumi.

Januari 2025 vita viliingia mjini. Sitaeleza, walioeleza ni wengi. Baada ya hapo kambi zilivunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao, na lile eneo la vibanda likabaki mawe na vipande vya turubai. Dancille sijui alikokwenda. Chama chetu kilifungwa, Mama Émérance alivuka mpaka na watoto wake, na mimi nikazunguka kupitia Uganda mpaka Butembo, ambako nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mjomba. Bukavu nayo ikaingiwa mwezi uliofuata. Kadidja na Jamila walikwisha kupanda gari kuelekea Maniema, mbali kuliko mwanzo.

Useni alibaki Murara. Alizichukua mashine tatu nyumbani, pamoja na chupa mbili na daftari. Watu wa kawaida wamerudi kulima kandokando ya mabonde yale, na wanamjua, wanamwita. Anakwenda kwa miguu.

Nampigia kila Ijumaa. Mwanzoni tulikuwa tunafanya kama alivyokuwa akifanya na mkewe. Uko muzima, niko muzima, tunakata. Halafu nilikuwa nakaa dukani nikiitazama simu, mpaka siku moja nikatambua kwamba ile ilikuwa bump tu.

Wiki iliyopita alinipokea asubuhi, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine inalia.

"Unaisikia?" alisema, na alikuwa na furaha. "Iko nzima."

"Namba?"

"Cinq. Tano, kama chupa."

"Na uwanjani?"

"Zéro virgule zéro quatre. Chupa ina muda mpaka 2027."

"Na wewe, Papa?"

"Niko muzima."

"Nimesikia. Nakuuliza namba."

Mashine iliacha kulia. Nilimsikia anavuta kiti, kile kiti kimoja cha nje, akakaa.

"Siku tatu sijasema na mutu," alisema Useni. "Nilifungua chupa nisikie hata sauti ya mashine."

Nikamwambia asikate. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu anataka cheni ya pikipiki, nikamwonyesha kwa mkono arudi baadaye, nikavuta kiti changu pia.